Kadi tano za kuchora kani ya mkato na momenti ya kupinda katika boriti yenye ncha iliyochomoza

Sisi wa Unguja na Pemba tumelijua neno boriti kabla ya kulikuta katika karatasi ya mtihani. Boriti ni mti wa mkoko uliolazwa juu ya kuta mbili ili ubebe mawe, udongo na chokaa ya dari, na vyumba vingi vya Mji Mkongwe vimekuwa virefu na vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulilazimika kufuata urefu wa mti uliopatikana. Boriti ya namna hiyo, iliyokaa juu ya kuta mbili na kuishia hapohapo, ndiyo swali jepesi la mekanika ya miundo, na wanafunzi wengi hulimaliza bila taabu. Swali linalowaangusha ni la boriti inayopita ukuta wa pili na kuchomoza nje, kama zile zinazobeba roshani. Mwongozo huu unahusu boriti hiyo peke yake, kwa sababu anayeiweza hiyo haoni kitu kigeni katika ile nyepesi.

Kadi ninazozieleza ni vipande vya karatasi ya manila vilivyokatwa kwa ukubwa wa kiganja. Upande wa mbele wa kila kadi huandikwa kazi moja ya kufanywa, na upande wa nyuma huandikwa dalili ya kwamba kazi hiyo imeharibika. Upande wa nyuma ndio wenye faida zaidi, na ndio ambao wanafunzi huuacha mtupu. Kadi haziingii chumba cha mtihani, kwa hiyo zitumiwe mezani siku za mazoezi mpaka mkono uzoee mpangilio wake.

Swali tutakalolifuata ni hili. Boriti ABC ina urefu wa m 8. Imeegemezwa A na B, umbali kati ya A na B ni m 6, na kipande BC cha m 2 kimechomoza bila egemeo. Kutoka A hadi B kuna mzigo wa kuenea wa kN 10 kwa kila mita, na kwenye ncha C kuna mzigo wa nukta wa kN 15. Uzito wa boriti yenyewe umepuuzwa. Mwanafunzi anatakiwa achore mchoro wa kani ya mkato na mchoro wa momenti ya kupinda, kisha aonyeshe thamani kubwa kabisa na mahali momenti inapogeuka alama.

Kadi ya kwanza: kani za maegemeo

Upande wa mbele umeandikwa: chora boriti, toa maegemeo, weka kani zake, chukua momenti kwenye egemeo A. Katika hatua hii tu inaruhusiwa kuuchukua mzigo wote wa kuenea kana kwamba ni mzigo mmoja uliokaa katikati yake. Hapa mzigo huo ni 10 × 6 = kN 60, nao unakaa m 3 kutoka A.

RB × 6 = 60 × 3 + 15 × 8 = 300
RB = 50 kN
RA = 60 + 15 − 50 = 25 kN

Upande wa nyuma umeandikwa: rudia kwa kuchukua momenti kwenye B. Kujumlisha kani za wima peke yake si ukaguzi, kwa kuwa RA imepatikana kwa njia hiyohiyo ya kutoa, na jumla itatoka sawa hata kama RB ni makosa matupu. Momenti kwenye B inasema RA × 6 = 60 × 3 − 15 × 2 = 150, na RA inatoka kN 25 kama mwanzo. Itazamwe ile alama ya kutoa mbele ya 15 × 2. Mzigo wa C uko ng'ambo ya pili ya B, kwa hiyo unaibinua boriti upande wa A na kuipunguzia A kazi. Mwanafunzi anayeweka alama ya kujumlisha hapo hupata RA ya kN 35, na jumla ya kani za maegemeo hukataa kulingana na kN 75 ya mizigo.

Kadi ya pili: makubaliano ya alama na mahali pa kukata

Kadi hii haina hesabu, na pengine ndiyo sababu huachwa nyuma. Mbele yake huandikwa sentensi mbili ambazo zinapaswa kunakiliwa juu ya karatasi ya majibu kabla ya kuchora chochote: kani ya mkato ni chanya pale kani zilizo kushoto ya mkato zinapoelekea juu, na momenti ni chanya pale boriti inapobonyea, yaani inapoinama chini kama boriti kongwe ya dari iliyochoka katikati. Pale boriti inapobinuka juu ya egemeo, momenti ni hasi. Wapo walimu wanaochora momenti chanya juu ya mstari wa boriti, na wapo wanaoichora chini yake ili mchoro ukae upande unaovutwa. Njia zote mbili ni sahihi, lakini msahihishaji hawezi kujua mwanafunzi amefuata ipi asipoambiwa.

Baada ya hapo hutafutwa mahali pa kukata. Boriti hukatwa mara moja ndani ya kila sehemu ambayo hali ya mzigo haibadiliki. Boriti yetu ina sehemu mbili tu, A hadi B na B hadi C, kwa hiyo mikato ni miwili. Laiti mzigo wa kuenea ungeishia m 4 kutoka A, mikato ingekuwa mitatu.

Kadi ya tatu: mchoro wa kani ya mkato

Mkato wa kwanza uwe umbali x kutoka A, katika sehemu AB. Kushoto ya mkato kuna kani ya kN 25 inayokwenda juu, pamoja na mzigo unaoshuka wa kN 10 kwa kila mita ya x iliyokwisha kupitwa.

V = 25 − 10x

Kwenye A kani ya mkato ni +25. Inateremka kwa mstari ulionyooka mpaka −35 mara tu kabla ya kufika B. Kwenye B egemeo linasukuma juu kwa kN 50, basi mchoro unaruka kutoka −35 hadi +15. Kati ya B na C hakuna mzigo njiani, kwa hiyo mstari unakwenda sambamba na boriti kwenye +15 mpaka C, ambako mzigo wa kN 15 unaushusha hadi sifuri.

Nyuma ya kadi kuna dalili tatu. Ya kwanza ni kwamba mchoro usipofunga kwenye sifuri mwishoni, basi kuna kani iliyosahauliwa au iliyohesabiwa mara mbili. Ya pili ni kwamba kila mruko wa wima katika mchoro lazima uwe na kani ya nukta mahali palepale kwenye boriti, na ukubwa wa mruko uwe ukubwa wa kani hiyo. Ya tatu ni kinyume cha ya pili, na inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Jioni moja baada ya alasiri nilikuwa na vijana wa mwaka wa kwanza barazani, na mmoja wao, kijana wa Wete, alileta jibu lake akiwa na uhakika nalo. "Maalim, nimekagua kwenye egemeo B imetoka sawasawa, na mwisho wa mchoro nimefunga kwenye sifuri. Mbona hapa katikati nimetiwa mkasi?"

Nilimwambia aniletee mchoro wa kani ya mkato. Mstari wake ulikwenda sambamba kwenye +25 tangu A mpaka m 3, ukaanguka wima hadi −35, kisha ukaendelea sambamba mpaka B. Nikamuuliza: "Mwanangu, hapo m 3 kuna nini juu ya boriti?"

Akatazama swali. "Hapana kitu, Maalim. Mzigo umeenea tu."

"Na mchoro wako umeanguka kwa sababu gani?"

Alikuwa ameuchukua ule mzigo mmoja wa kN 60 aliouweka katikati kwenye kadi ya kwanza, akasahau kuurudisha ulivyo. Jambo hilo lilikuwa halali wakati wa kutafuta kani za maegemeo, kwa sababu egemeo halijui mzigo umepangwaje, linajua jumla na mahali pa kati tu. Boriti kwa ndani inajua. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linapita katika kila ukaguzi wa kawaida. Momenti kwenye B kwa njia yake ni 25 × 6 − 60 × 3 = −30, na hilo ndilo jibu sahihi la B. Ila katikati, m 3 kutoka A, yeye alipata 25 × 3 = kNm 75, ilhali boriti yenyewe hapo ina 75 − 45 = kNm 30, kwa kuwa mita tatu za mzigo zimekwisha kupitwa na zinavuta chini. Alikuwa na momenti mara mbili na nusu ya ile ya kweli, na ukaguzi wa mwisho ulikuwa unampa hongera. Tangu siku hiyo nyuma ya kadi ya tatu nimeandika kwa kalamu nyekundu: mruko usio na kani ni mzigo wa kuenea uliokusanywa na kusahauliwa.

Kadi ya nne: mahali kani ya mkato inapokuwa sifuri

Momenti hufikia kilele chake pale kani ya mkato inapovuka sifuri, kwa sababu mteremko wa mchoro wa momenti mahali popote ni sawa na kani ya mkato ya mahali hapo. Katika boriti yetu kani ya mkato inavuka sifuri mara mbili. Mara ya kwanza ni ndani ya AB:

25 − 10x = 0
x = 2.5 m

Mara ya pili ni kwenye B, pale mchoro unaporuka kutoka hasi kwenda chanya. Mwanafunzi anayetafuta sifuri kwa mlinganyo tu huipata ya kwanza na kuikosa ya pili, kwa kuwa mruko haumo ndani ya mlinganyo wowote. Kwa hiyo mbele ya kadi hii pameandikwa: pitisha kidole juu ya mstari wa sifuri kutoka kushoto hadi kulia, uhesabu mara ngapi mchoro unauvuka. Idadi ya mavuko ndiyo idadi ya mahali pa kuhesabu momenti.

Itambulike pia kwamba kilele hakiko katikati ya AB. Mazoea ya boriti nyepesi humfanya mtu aende moja kwa moja m 3, na hapo angepata kNm 30, ambayo iko karibu sana na jibu sahihi kiasi kwamba hatashuku kitu. Katika maswali ambayo mzigo wa ncha ni mkubwa, tofauti huwa kubwa zaidi.

Kadi ya tano: mchoro wa momenti

Katika sehemu AB, kani ya kN 25 iko umbali x kutoka mkato, na mzigo uliopitwa, ambao ni 10x, una kituo chake nusu ya njia.

M = 25x − 10x × (x ÷ 2) = 25x − 5x²

Kwenye x = 2.5 momenti ni 62.5 − 31.25 = kNm 31.25, nayo ni chanya, yaani boriti inabonyea. Kwenye B, ambako x = 6, momenti ni 150 − 180 = kNm −30, boriti inabinuka. Katika sehemu BC ni rahisi zaidi kusimama upande wa kulia: mzigo wa kN 15 ulio umbali wa m 2 unatoa −15 × 2 = kNm −30 kwenye B na sifuri kwenye C. Pande mbili zimekutana kwenye namba moja, na huo ndio ukaguzi wa kwanza wa nyuma ya kadi.

Ukaguzi wa pili unatumia maeneo. Badiliko la momenti kati ya mahali pawili ni eneo la mchoro wa kani ya mkato lililo kati yake. Pembetatu ya chanya ina eneo la ½ × 2.5 × 25 = 31.25. Pembetatu ya hasi ina ½ × 3.5 × 35 = 61.25, na 31.25 ukitoa 61.25 inabaki −30. Mstatili wa BC una 15 × 2 = 30, unaorudisha momenti kwenye sifuri. Mimi huupenda ukaguzi huu kuliko mwingine, kwa sababu hautumii mlinganyo wa M kabisa, basi hauwezi kurithi kosa lililomo ndani yake. Hata hivyo una mpaka wake: swali likiwa na momenti ya nukta, yaani mahali boriti inapopindwa kwa mkono bila mzigo wa wima, mchoro wa momenti huruka bila kani ya mkato kuonyesha chochote, na ukubwa wa mruko huo lazima uongezwe au utolewe kwa mkono.

Kisha hutafutwa nukta ya mgeuko, mahali momenti inapokuwa sifuri katikati ya safari:

25x − 5x² = 0
x = 5 m

Mgeuko uko m 5 kutoka A, au m 1 kabla ya kufika B. Mlinganyo huu unatoa pia x = 0, na hiyo ni egemeo A, si mgeuko.

Linabaki umbo. Kati ya A na B mchoro wa momenti ni tao la parabola, kwa kuwa kani ya mkato ni mstari unaoshuka. Kati ya B na C ni mstari ulionyooka, kwa kuwa kani ya mkato haibadiliki. Kwenye B kuna pembe kali, wala tao halipiti B kwa ulaini, kwa sababu mteremko hubadilika ghafla kutoka −35 kwenda +15. Kwenye x = 2.5 tao linakaa bapa. Mwanafunzi aliyeandika namba zote sawasawa na kuziunganisha kwa rula amechora boriti nyingine, na alama za umbo humpotea.

Namba mbili za mwisho, 31.25 na 30, ziko karibu kwa ukubwa lakini zinavuta nyuso tofauti za boriti. Katikati ya AB uso wa chini ndio unaovutwa, na juu ya B uso wa juu ndio unaovutwa. Zege halina nguvu kubwa ya kuhimili mvuto, kwa hiyo nondo kuu za AB hukaa chini, na za B na kipande kilichochomoza hukaa juu. Nimewahi kuitwa kutazama roshani ya nyumba moja ambayo fundi alikuwa ameweka nondo zote chini, kama alivyozoea katika lenta. Ufa ulikuwa juu ya sakafu, sambamba na ukuta, palepale ambapo mchoro wa momenti ungemwonyesha. Ndiyo sababu kwenye kadi ya tano huwaambia vijana waandike herufi m, kwa mvuto, upande unaovutwa katika kila sehemu ya mchoro, hata kama swali halikuuliza.

Mahali kadi zinapokoma

Kadi hizi hufanya kazi pale kani zisizojulikana za maegemeo zinapopatikana kwa milinganyo ya msawazo peke yake. Boriti yetu ina mbili, na milinganyo ya momenti na ya kani za wima ni miwili. Likiwekwa egemeo la tatu kwenye C, kadi ya kwanza hukwama papo hapo, na mwanafunzi anapaswa kulitambua hilo kabla ya kupoteza muda, kwa kuwa swali la namna hiyo linahitaji mapindo ya boriti yaingizwe katika hesabu.

Kwa mazoezi, boriti ileile ichukuliwe na mzigo wa C ubadilishwe kuwa kN 30. Majibu yatakayotoka ni RA = 20, RB = 70, kilele cha kNm 20 kwenye m 2, momenti ya kNm −60 kwenye B, na mgeuko m 4 kutoka A. Itaonekana kwamba kila mzigo wa ncha unapoongezeka, sehemu inayobonyea hupungua, na mgeuko husogea kuelekea A. Mzigo wa C ukifika kN 90, RA inakuwa sifuri na mgeuko unaufikia ukuta wa A wenyewe, boriti nzima ikiwa imebinuka. Ukizidi hapo, RA hutoka hasi. Wanafunzi wengi wakiona alama hiyo hufuta kazi yao na kuanza upya, ingawa hesabu haina kosa: maana yake ni kwamba boriti inataka kunyanyuka kwenye A, na egemeo lazima liivute chini. Boriti ya roshani iliyozikwa mkia wake ndani ya ukuta mzito hushikwa kwa uzito wa ukuta ulio juu yake. Katika mtihani inatosha kuiacha alama hasi ilivyo, kuchora mshale wa RA ukielekea chini, na kuendelea na kadi ya pili.